Kutoka Rekodi ya Msibani Hadi Kadi ya Kumbukumbu

Baina ya siku ya mazishi na siku ya ibada ya shukrani, ambayo katika jamaa nyingi za Kikristo za mkoa wa Singida hufanyika siku ya arobaini au siku ya kusimika msalaba, kaburi likiwa limekwisha kujengewa, huwa pana kazi moja ambayo familia humkabidhi mtu mmoja inayemwamini kwa kalamu, naye aghalabu huipokea kwa haraka kuliko inavyostahili: kusikiliza rekodi ya yote yaliyonenwa mbele ya jeneza, na kutoa humo maneno machache yatakayochapwa katika kadi ya kumbukumbu, ili kila aliyekuja kuomboleza arudi kwake na kitu cha kushika. Kwa jamaa za Kiislamu, ambazo ni nyingi katika nchi ya Wanyaturu, mambo si hivyo, kwa kuwa maiti huzikwa mapema, hotuba hazipewi nafasi kubwa, na karatasi inayochapwa baadaye, kama ipo, huwa ni mwaliko wa hitima; basi haya nitakayoyaeleza yanahusu zaidi misiba ya Kilutheri na ya Kikatoliki, ambako wasifu husomwa, salamu za rambirambi hutolewa moja baada ya moja, na simu za vijana huwa zimenyoshwa juu kurekodi tangu mwanzo hadi mwisho.

Ugumu wa kwanza ni wa hesabu, nao afadhali ujulikane mapema. Kadi ya kawaida ni karatasi ngumu ya A4 iliyokunjwa katikati ikatoa kurasa nne za ukubwa wa A5. Ukurasa wa kwanza ni wa picha, jina na tarehe mbili. Wa mwisho ni wa shukrani, pamoja na namba ya wimbo aliokuwa akiupenda marehemu, ambao kwa Walutheri hutafutwa katika kitabu cha Mwimbieni Bwana. Zinabaki kurasa mbili za ndani, na kila mmoja, ukichapwa kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani mizuri aweza kuzisoma, haubebi zaidi ya maneno mia mbili hivi. Ukiondoa wasifu, nusu ya nafasi hiyo imekwenda. Ilhali watu saba waliosimama kusema, kila mmoja kwa dakika sita au saba, wamemwaga maneno yasiyopungua elfu nne. Yaani katika kila maneno ishirini yaliyosemwa, kumi na tisa hayataingia, na mwandishi ndiye atakayeamua ni yapi.

Ni hapo ambapo wengi wetu tunapotea, kwa kudhani kwamba kufupisha ni kuyapima maneno yote kwa usawa na kuyapunguza yote kwa kiasi kimoja, hata kila msemaji apate sentensi yake na kila sentensi iwe na sifa yake. Matokeo yake twayajua sote, maana tunazo kadi za namna hiyo katika makabati yetu: marehemu alikuwa mcha Mungu, mpole, mkarimu, mwenye upendo kwa watu wote, mchapakazi na mshauri mwema. Hakuna hata neno moja la uongo humo, na hakuna hata neno moja lake. Funika jina na picha kwa kiganja, kisha soma: ikiwa maneno hayo yaweza kusimama chini ya picha ya mtu mwingine yeyote wa mtaa huo, basi waombolezaji wamepewa kadi tupu. Kufupisha maneno ya msiba ni kuchagua kabla ya kuwa ni kupunguza. Yaani kutafuta katika yale maneno elfu nne matendo mawili au matatu yaliyoshuhudiwa kwa macho, kuyaacha katika kauli ya aliyeyashuhudia, na kuyaruhusu mengine yote yabaki katika rekodi.

Lakini hapawezi kuwapo uchaguzi pasipo rekodi inayosikika, na nyanda za Singida zina upepo ambao hauheshimu msiba. Yule kijana anayesimama nyuma ya watu na simu yake huleta nyumbani mvumo wa upepo, kelele za jenereta na mlio wa turubai, na katikati yake sauti ya mtu asiyejulikana anasema nini. Na yule anayeiweka simu juu ya spika yenyewe huleta sauti iliyopasuka, kwa sababu kikuza sauti kimezidi uwezo wa simu. Mahali pazuri ni juu ya meza ya mshereheshaji, hatua mbili au tatu kutoka kwa msemaji, simu ikiwa imelazwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, tundu la kipaza sauti limefunikwa kwa kitambaa chepesi kuvunja upepo, na mtandao wake umezimwa ili isiitwe katikati ya hotuba na kukata rekodi. Simu ya pili iwekwe upande mwingine, maana moja ikishindwa hakuna mazishi ya pili. Na mshereheshaji aombwe jambo moja tu, ambalo kwa desturi hulifanya hata bila ya kuombwa: kabla ya kila msemaji, ataje jina lake na uhusiano wake na marehemu. Majuma matano baadaye, sauti ya mama mmoja anayelia haitofautiani na ya mwingine.

Rekodi ikiisha kupatikana, iandikwe yote neno kwa neno kabla ya kukatwa chochote. Najua kwamba ni kazi ya kuchosha, na kwamba dakika arobaini na tano za maneno hula siku nzima ya kuandika, bali sijaona njia ya mkato iliyo salama. Mtu anayesikiliza na kufupisha kwa pamoja huandika yale ambayo sikio lake limekwisha kuyazoea, na sikio letu katika misiba limezoea sifa. Kwa hiyo huziandika sifa na kuviacha visa, kwa vile kisa huanza kwa kusitasita na huonekana kama porojo mpaka kifike mwisho wake.

Nitwae mfano wa kutungwa, kwa mnasaba wa maneno ninayoyasikia katika misiba ya Iramba, ili nisimguse mtu yeyote aliye hai wala aliyekufa. Tuseme marehemu ni bibi aliyekuwa mhudumu katika hospitali ya Kiomboi, na sasa amesimama jirani yake wa miaka mingi. Rekodi yake, ikiandikwa kama ilivyo, yasomeka hivi:

«Mimi, eeh, kwanza niseme itifaki imezingatiwa. Bwana Yesu asifiwe. Mimi kwa huyu mama ni kama mdogo wake, jamani, tumekaa naye tangu soko liko kule kule zamani. Alikuwa mama wa watu wote, mwenye upendo, hana ubaguzi. Sasa mimi nilipojifungua yule wa tatu, huyu aliyeko Dodoma, mume wangu alikuwa machimboni Sekenke, na wala hakuacha hata shilingi ndani. Huyu mama alikuja na kuni kichwani. Akakaa kwangu. Akakaa kwangu siku arobaini, na shamba lake la mtama likaliwa na ndege. Likaliwa lote. Na sikumsikia hata siku moja kunikumbusha. Hata siku moja. Basi Mungu amlaze mahali pema, sina mengi.»

Mwandishi wa haraka angeandika: jirani yake alimshuhudia kuwa mama mwenye upendo asiye na ubaguzi. Angekuwa amefupisha, na angekuwa amekitupa kitu pekee kilicholetwa na jirani yule. Kwa maoni yangu, kinachofaa kuingia katika kadi ni hiki:

«Nilipojifungua yule wa tatu, mume wangu alikuwa machimboni Sekenke. Huyu mama alikuja na kuni kichwani. Akakaa kwangu siku arobaini, na shamba lake la mtama likaliwa na ndege. Sikumsikia hata siku moja kunikumbusha.» Jirani yake.

Tuyatazame yaliyoondoka, kwa sababu kila moja limeondoka kwa sababu yake. Itifaki na salamu zilikuwa za hadhira ya siku ile, nazo zimemaliza kazi yake. Sifa tatu za mwanzo zimeondoka kwa kuwa kisa chazithibitisha chenyewe, na msomaji atazitamka moyoni bila ya kufundishwa. Dodoma imeondoka kwa kuwa mtoto yule, ambaye sasa ni mtu mzima, hakuomba anwani yake ichapwe. Marudio yameondoka, ingawa kwa huzuni, maana katika sauti yalikuwa na nguvu ambayo karatasini hugeuka kuwa uzito. Bali kuni zimebaki, na mtama umebaki, na ndege wamebaki. Na mtu yeyote wa Singida aliyewahi kuamka alfajiri kuwafukuza kwelea kwelea shambani ajua, bila ya kuelezwa, kwamba mwanamke anayeacha mtama wake unaokomaa ameacha chakula cha mwaka.

Lililonitaabisha kidogo ni ile shilingi. Kuliondoa neno lile ni kupunguza ukubwa wa tendo la marehemu, kwa kuwa alimsaidia mtu asiye na kitu. Kuliacha ni kumshitaki mume aliye hai mbele ya kijiji kizima, tena kwa maandishi yatakayokaa sebuleni mwa watu miaka ishirini. Jirani alilisema kwa uchungu wa saa ile, na neno la mdomo hupita na upepo. La kadi halipiti. Nimeliondoa, nikaacha kwamba mume hakuwapo, ambalo ni kweli na halimdhalilishi mtu, maana machimbo ya Sekenke yamekuwa yakiwaita wanaume wa Iramba tangu enzi ya Wajerumani. Hata hivyo hukumu hiyo si ya mwandishi peke yake. Sharti jirani apigiwe simu asomewe maneno yake yalivyokatwa, naye akisema kwamba hayo ndiyo aliyoyakusudia, yachapwe.

Pana mipaka ya ukataji ambayo haifai kuvukwa. Maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu yawe ni yale yaliyotoka kinywani mwa msemaji, kwa mpangilio wake. Yaruhusiwa kuachwa, hayaruhusiwi kuongezwa, wala haifai kuunganisha mwanzo wa kisa kimoja na mwisho wa kingine. Kosa la sarufi lisilobadili maana liachwe, kwani lafudhi ya mzee ni sehemu ya wajihi wake. Ikiwa msemaji amezunguka mno hata hapapatikani sentensi zinazosimama zenyewe, basi mwandishi aeleze kwa maneno yake mwenyewe, bila ya alama za kunukuu, na msomaji atatambua ni nani anayenena.

Mkoa wetu una tatizo jingine ambalo waandishi wa pwani hawalijui sana. Mzee wa ukoo akisimama, aghalabu huanza kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni kutoka Dar es Salaam na Mwanza, kisha, anapofika mahali penye uchungu, huhamia Kinyiramba au Kinyaturu bila ya yeye mwenyewe kutambua. Mshereheshaji hutafsiri papo hapo, na tafsiri ya papo hapo ni muhtasari uliokwisha kufanywa na mtu mwenye haraka: mzee amesimulia dakika nne jinsi dada yake alivyovuka bonde la Wembere kwa miguu kwenda kumchukua mjukuu yatima, na mshereheshaji amesema, «Mzee anasema marehemu alikuwa mtu wa familia.» Anayeandika kadi kwa kufuata Kiswahili cha rekodi atapata maneno yale saba na hatajua kamwe kwamba kulikuwa na safari. Dalili yake hujulikana kwa saa: sauti ya lugha ya nyumbani ikichukua dakika nne na tafsiri ikachukua nusu dakika, kisa kimepotea katikati. Basi sehemu ile asikilizishwe mtu wa ukoo mwenye kuijua lugha barabara, naye aitafsiri polepole, sentensi kwa sentensi, mwandishi akiandika.

Kadhalika kwa tarehe. Waliosema msibani hawakuapa mahakamani. Husema miaka kama inavyowajia, na mara nyingi hugongana. Katika mfano wetu, mwana mkubwa amesema mama alifanya kazi hospitalini miaka thelathini na mitano. Mfanyakazi mwenziwe akasema alianza wakati wa Operesheni Vijiji, yaani katikati ya miaka ya 1970, akastaafu mvua za elnino ziliponyesha, ambazo zilikuwa za 1997 na 1998. Hesabu ya mwenziwe yatoa miaka ishirini na kidogo. Hapa pasiwe na usuluhishi wa kukata katikati. Itafutwe barua ya ajira au karatasi ya kiinua mgongo, ambayo jamaa huwa nayo katika mkoba wa nyaraka za marehemu. Na kwa mwaka wa kuzaliwa, kitazamwe kitabu cha ubatizo cha usharika, kwa maana tangu wamisionari wa Augustana kutoka Marekani walipofika Iramba katika miaka ya 1920, vitabu hivyo vimehifadhi tarehe ambazo serikali haikuwa na pa kuziandika. Pasipopatikana hati yoyote, yaandikwe yanayokubalika na wote, kwamba alihudumu hospitalini miaka mingi hadi alipostaafu, na idadi ya miaka isitajwe.

Na majina yasiandikwe kwa kufuata sikio. Jina la nchi yenyewe hutamkwa na kuandikwa Iramba na Ilamba, na ra na la hubadilishana nafasi katika majina ya watu wengi. Jina la ukoo katika kitambulisho cha taifa laweza kuwa tofauti na lile la cheti cha ndoa, na ndugu wawili wa tumbo moja huweza kuwa na herufi mbili tofauti. Familia ndiyo iamue, na iamue kwa maandishi, kabla kadi haijapelekwa dukani. Kwa sababu mgogoro wa herufi moja, ukigunduliwa baada ya nakala mia tatu kuchapwa, huwa si mgogoro wa herufi tena.

Yapo mambo yanayosemwa mbele ya jeneza kwa haki kabisa na ambayo hayana mahali katika kadi. Tangazo la familia kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aonane na kaka mkubwa ni la lazima siku ile, na ni aibu likichapwa. Maelezo ya ugonjwa, kutoka homa ya kwanza hadi rufaa na chumba cha wagonjwa mahututi, huwasaidia waliofika siku ile kuelewa. Katika kadi yatosha kusema aliugua kwa muda gani na alifia wapi, tena kwa idhini ya walio karibu naye zaidi. Na salamu za ofisi, za chama, za mbunge na za kikundi cha kuweka na kukopa, ambazo mara nyingi ndizo ndefu kuliko zote, zipewe heshima yake katika ukurasa wa shukrani, kwa kutajwa kundi na wala si hotuba. Wawakilishi wengine hawatalipenda jambo hili. Lakini ukiwapa nafasi ndani, jirani mwenye kuni atatolewa nje, naye ndiye aliyekaa siku arobaini.

Kuhusu hao wa ukurasa wa shukrani, nashauri waandikwe kwa makundi, madaktari na wauguzi, wachungaji, kwaya, majirani, na jina la mtu mmoja mmoja lisiingizwe ila pale ambapo kuliacha kungekuwa ni kukosa adabu wazi. Kwa kuwa orodha ya majina ishirini humkumbusha mtu wa ishirini na moja kwamba amesahauliwa.

Rasimu ikiwa tayari, ichapwe nakala moja katika karatasi ya kawaida na isomwe kwa sauti na watu wawili: mmoja mzee wa ndani ya familia, ambaye ataona jina lililokosewa na mtoto aliyeachwa, na mmoja wa nje asiyemjua marehemu, ambaye ataulizwa swali moja tu baada ya kusoma, kwamba amemjua mtu wa namna gani. Akijibu kwa sifa, rasimu irudi mezani. Akijibu kwa kusema huyu ni yule aliyeacha mtama wake ukaliwa na ndege, ipelekwe ikachapwe, pamoja na picha halisi kutoka katika simu iliyoipiga, wala si ile iliyopitishwa kwenye makundi ya WhatsApp mpaka uso umekuwa ukungu.

Rekodi nzima na maandishi yake yote yasifutwe baada ya hapo. Vihifadhiwe katika nakala mbili kwa watu wawili wanaokaa nyumba tofauti, mmoja Kiomboi na mwingine popote alipo, kila nakala ikiwa na karatasi yenye majina ya wasemaji kwa mpangilio waliosimama. Kwa maana yale maneno mengine kumi na tisa katika kila ishirini ni ya wajukuu, na kadi ya mwaka wa kwanza wa kumbukumbu, au maandishi ya juu ya kaburi, huenda yakatoka kwa msemaji ambaye safari hii hakupata nafasi.